Bi. Zuhura na zile Sh86,400: uchambuzi wa kisa cha kuigiza cha kumshauri mshtakiwa

Mteja tulimpa jina la Bi. Zuhura. Ana miaka 34, ni keshia katika duka la jumla la nafaka Kongowea, Mombasa, na mshahara wake ni Sh22,000 kwa mwezi. Alikamatwa Alhamisi mchana, akalala kituoni, akaachiliwa Ijumaa asubuhi kwa dhamana ya polisi ya Sh20,000 taslimu ambazo shemeji yake alizichangisha usiku kucha. Jumatatu saa tatu asubuhi anatakiwa mahakamani kusomewa mashtaka. Ameingia ofisini kwa mawakili Ijumaa hiyo hiyo alasiri, macho mekundu, nakala ya karatasi ya mashtaka imekunjwa mara nne mkononi.

Karatasi inasema kwamba kati ya tarehe 1 Machi na 30 Aprili, akiwa mwajiriwa, aliiba Sh86,400 mali ya mwajiri wake. Ni kosa la wizi wa mwajiriwa chini ya kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha miaka saba.

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya wanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho. Wanaingia wawili wawili. Wana dakika 30 na mteja, kisha dakika 10 za kuzungumza wao kwa wao huku wakaguzi tukisikiliza. Mama aliyeigiza mteja alipewa karatasi ya siri yenye mambo ya aina tatu: ya kusema mwenyewe, ya kusema akiulizwa, na moja la kusema endapo tu ataulizwa swali sahihi kwa namna isiyomtisha. Hilo la mwisho ndilo linalogeuza kesi nzima. Vikundi kadhaa viliingia vikatoka bila kulifikia, na karibu vyote hivyo vilimshauri mteja akubali mashtaka.

Tuanze na shemeji

Bi. Zuhura hakuja peke yake. Mlangoni alitangulia shemeji, mtu mwenye heshima zake, akavuta kiti na kuanza kusimulia kabla mteja hajafungua kinywa. Hoja yake ilikuwa moja: huyu ni mke wa ndugu yangu, amekosea, mpelelezi mwenyewe ametuambia akikubali Jumatatu na kuomba msamaha hakimu atamwonea huruma, basi tunaomba mumwelekeze namna ya kukubali ili jambo liishe.

Kikundi cha kwanza kilimwacha akae. Nilielewa kwa nini: ndiye aliyelipa dhamana, na bila shaka ndiye atakayelipa ada. Lakini kuanzia hapo Bi. Zuhura alijibu kila swali akimtazama shemeji kwanza. Isitoshe, usiri wa mazungumzo kati ya wakili na mteja, ambao sheria ya ushahidi inaulinda, unatiliwa shaka mara tu anapokuwepo mtu wa tatu asiyehitajika. Shemeji huyo anaweza kuitwa kesho kueleza alichokisikia.

Kikundi cha pili kilikuwa cha wawili, binti na kijana. Binti alisimama, akamsalimu shemeji vizuri, akamwambia, "Shemeji, ahsante sana kwa kumfikisha. Pale nje pana maji na kivuli. Kwa kawaida ya kazi yetu lazima tuzungumze na dada peke yake, ili hata wewe usije ukasumbuliwa kuulizwa tulizungumza nini. Tukimaliza, yeye mwenyewe ataamua akueleze yapi." Shemeji akatoka bila kinyongo. Sentensi ile ya "hata wewe usije ukasumbuliwa" ilifanya kazi kubwa, kwa sababu ilimwondoa mtu chumbani na heshima yake ikabaki.

Hofu kabla ya sheria

Swali la kwanza la Bi. Zuhura lilikuwa lile lile kwa kila kikundi: "Nitafungwa?"

Jibu baya nililolisikia zaidi ni "Usijali, dada, utakuwa sawa." Wakili hana mamlaka ya kuahidi hivyo, na mteja aliyelala kituoni usiku wa jana anajua kuwa hana. Baya la pili lilitoka kwa kijana mmoja aliyefungua kitabu na kusoma adhabu: miaka saba. Kusema kweli hakukosea, lakini mama aliyeigiza alituambia baadaye kwamba baada ya neno "saba" hakusikia kitu kingine kwa muda mrefu.

Binti wa kikundi cha pili alijibu hivi: "Sijui bado, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba leo hulali ndani. Dhamana yako inakushikilia mpaka Jumatatu. Na Jumatatu si siku ya hukumu. Ni siku ya kuulizwa swali moja tu. Tuna muda wa kulizungumza hilo swali." Hapo mteja alishusha pumzi na kuiweka ile karatasi mezani kwa mara ya kwanza. Kwa mtu mwenye hofu, jambo la karibu ndilo linalosikika. Atalala wapi leo, watoto watakula nini, Jumatatu atasimama wapi na nani atazungumza naye. Kiwango cha juu cha adhabu lazima atajiwe kabla ya kuondoka, kwa sababu uamuzi bila kujua hatari si uamuzi, lakini kina mahali pake, na mahali pake si dakika ya pili.

Kisha kijana akaeleza Jumatatu itakavyokuwa: karani ataita jina lake, atapanda kizimbani, atasomewa mashtaka kwa lugha anayoielewa, ataulizwa kama ni kweli au si kweli. Akamuuliza kama angependa Kiswahili. Swali dogo, lakini mashtaka huandikwa kwa Kiingereza, na haki ya mkalimani bila malipo imo katika ibara ya 50 ya Katiba ya 2010.

"Nilichukua, lakini nilitaka kurudisha"

Dakika ya tisa hivi, Bi. Zuhura alisema kilichomleta. Mtoto wake alilazwa Aprili. Alichukua Sh12,000 kutoka kwenye droo ya duka, kwa mikupuo miwili, ya kwanza Sh7,000 na ya pili Sh5,000. Alikusudia kurudisha mwisho wa mwezi. Hizo nyingine hazijui. "Lakini wakili, mimi nimekosa. Siwezi kusimama mbele ya hakimu niseme sijachukua, na Mungu ananiona."

Hapa ndipo kisa kilipotegwa, na mitego ni miwili inayovuta pande tofauti.

Mtego wa kwanza ni kumwambia kwamba nia ya kurudisha ni utetezi. Wanafunzi wengi wanakumbuka kuwa wizi unahitaji nia ya kumnyima mwenye mali daima, wakakimbilia hapo. Kwa baiskeli au simu, hoja hiyo ina uzito. Kwa fedha, kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kimeuziba mlango huo: anayechukua fedha kwa nia ya kuzitumia apendavyo huhesabiwa kuwa amechukua kwa hila, hata kama alikusudia kuzirudisha baadaye. Kwa hiyo "nilitaka kurudisha" humsaidia wakati wa kuomba kupunguziwa adhabu, haimwondolei kosa. Kikundi kilichomwambia "dada, hiyo si wizi, kana tu" kilimpa matumaini ambayo hakimu angeyavunja kwa sentensi moja.

Mtego wa pili ni kinyume chake: kwa kuwa amesema alichukua, basi amekiri, basi akubali. Hapa kuna mambo mawili yaliyochanganywa. Kukosa mbele ya Mungu na mbele ya bosi ni jambo moja. Kujibu "ni kweli" kwa karatasi inayosema Sh86,400 ni jambo jingine. Akijibu hivyo atakuwa amekubali kuiba Sh74,400 ambazo hazijui zilikokwenda.

Kijana wa kikundi cha pili alilieleza hili vizuri kuliko ninavyolieleza darasani. Alichukua kalamu, akaandika 86,400 juu ya karatasi, chini yake 12,000, akapiga mstari, akaandika 74,400, na kuizungushia duara. "Dada, unaniambia hii ya katikati unaijua. Hii yenye duara je? Ukisema ni kweli Jumatatu, na hii pia umeichukua wewe." Bi. Zuhura akaitazama ile namba kimya. Ndipo akasema kwamba droo ile haikuwa yake peke yake. Mpwa wa mwenye duka humshikia nafasi wakati wa chakula cha mchana na wakati wa swala, na nywila ya mashine ni moja kwa wote.

Swali lililofungua daftari

Sasa lile jambo la siri. Karatasi ya mteja ilisema: pale dukani kuna daftari la advansi. Mfanyakazi akibanwa, huchukua pesa kwenye droo, huandika jina, tarehe na kiasi, na mwisho wa mwezi hukatwa kwenye mshahara. Bosi analijua daftari na ndiye aliyelianzisha. Zile Sh7,000 Bi. Zuhura aliziandika. Zile Sh5,000 hakuziandika, kwa sababu alizichukua usiku kwa haraka na bosi alikuwa safarini. Aliagizwa asilitaje daftari asipoulizwa kuhusu kawaida ya duka, kwa kuwa yeye halioni kama lina uhusiano na kesi. Kwake yeye, polisi wamesema wizi, basi ni wizi.

Swali la "Je, uliruhusiwa kuchukua?" halikulifungua. Alijibu "Hapana," na kwa uaminifu wake jibu lilikuwa sahihi, maana siku ile hakuomba ruhusa. Swali lililolifungua lilikuwa la binti: "Hapo dukani, mtu akipatwa na shida katikati ya mwezi, huwa inakuwaje?" Mteja akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu aingie, akasema, "Ah, kuna daftari."

Kutoka hapo kesi ina vipande vitatu, na kila kimoja kina hali yake. Sh7,000 zina utetezi wa kweli: mwenye mali aliweka utaratibu, yeye akaufuata, na kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda anayechukua mali akiamini kwa dhati kuwa ana haki, bila nia ya kudanganya. Sh5,000 ni pagumu. Utaratibu ulikuwepo, hakuufuata, na sheria ya fedha niliyoitaja inamkaba. Hata hivyo hoja ipo: kama kawaida ilikuwa mtu achukue kwanza na kuandika baadaye, kuchelewa kuandika si lazima kuwe hila. Sh74,400 hakuna lolote la kumfunga nazo zaidi ya kuwa yeye ndiye keshia, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha.

Angekubali mashtaka Jumatatu kama shemeji alivyotaka, vyote vitatu vingemezwa na neno "kweli".

Njia tatu, zilivyoelezwa kwa mteja

Wanafunzi hupenda kuorodhesha njia na faida zake kama matangazo ya redio. Kikundi cha pili kilizieleza kwa kumpitisha mteja ndani ya kila moja.

Kukubali kwanza. Akisema ni kweli, hakimu hamhukumu hapo hapo. Utaratibu unaofuatwa mpaka leo uliwekwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973. Mashtaka na viini vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Kiongozi wa mashtaka asome maelezo ya tukio. Mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaongezea. Akiyapinga kwa namna inayogusa hatia, hakimu anatakiwa kubadilisha jibu na kuandika kwamba amekana. Asipoyapinga, anatiwa hatiani, kisha ndipo huja maombi ya kupunguziwa adhabu.

Maelezo ya tukio ndiyo mahali watu wanapoumia. Mshtakiwa aliyekwisha kusema "ni kweli" anasimama pale akiwa amechoka, yanasomwa maelezo yenye Sh86,400, anaulizwa kama ni sahihi, anajibu "ndiyo" ili ashuke kizimbani. Binti alimwambia mteja waziwazi: "Ukiwa mtu wa kusema 'ni kweli lakini', ile 'lakini' usiimeze. Iseme kwa sauti, iandikwe." Naliona hili kuwa ushauri bora kabisa wa siku ile, kwa sababu unamfaa hata kama Jumatatu atajikuta peke yake.

Akitiwa hatiani kwa kukubali, rufaa inabanwa. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinamruhusu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu, si hatia yenyewe. Mahakama za juu huingilia pale jibu lilipokuwa na utata au utaratibu ulipokiukwa, lakini huko ni kupanda mlima. Kutoka kukana kwenda kukubali, kinyume chake, njia ni wazi wakati wowote kesi ikiendelea. Tofauti hii ya milango miwili, mmoja unaofungika nyuma yako na mwingine unaobaki wazi, kijana aliieleza kwa kufungua na kufunga mlango wa chumba tulichokuwamo. Nilidhani ni mbwembwe, lakini mteja alipoulizwa baadaye alikumbuka nini, alikumbuka mlango.

Faida za kukubali walizitaja pia bila kuzibana. Kesi huisha mapema, na mahakama kwa kawaida huhesabu kukubali mapema kuwa sababu ya kupunguza adhabu. Kwa mtu asiye na rekodi, kiasi cha namna hii na fedha zikirudishwa, kifungo si lazima. Hakimu anaweza kutoza faini, kuamuru probesheni au huduma kwa jamii, au hata kumwachilia kwa masharti. Lakini faini isipolipwa hugeuka kifungo. Ikizidi Sh50,000 kifungo hicho kinaweza kufika miezi kumi na miwili. Hayo ni yanayowezekana, hakuna aliyeahidi lolote.

Na hatia yenyewe inabaki. Keshia mwenye hatia ya wizi wa mwajiriwa akiomba kazi ataombwa cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa idara ya upelelezi. Hapa Bi. Zuhura alikatiza: "Kwa hiyo hata nikisamehewa, kazi ya keshia sipati tena?" Kijana akajibu, "Itakuwa vigumu, ndiyo." Hakujaribu kulipaka sukari. Vikundi vingine vilizungumzia kifungo tu, na kwa mama huyu cheti kilikuwa kizito kuliko kifungo.

Kukana, sasa. Mteja alikuwa na pingamizi la dhamiri, na hapa wanafunzi wengi hujikwaa. Kukana si kuapa kwamba hujafanya kitu. Ni kusema: thibitisheni mnachonituhumu. Jibu hilo si ushahidi, halisemwi kwa kiapo, na mtu ana haki ya kulisema hata kama sehemu ya maelezo ina ukweli. Ila binti aliongeza mpaka wa pili, nikafurahi: "Ukishaniambia kwamba Sh5,000 ulizichukua, siwezi kukuweka kizimbani uape kuwa hukuzichukua. Ninaweza kuwahoji mashahidi wao, ninaweza kuonyesha daftari, ninaweza kuuliza kuhusu mpwa. Kukusaidia useme uongo, hapana." Wapo waliodhani maneno hayo yatamfukuza mteja. Yalimtuliza, kwa sababu alikuja akiogopa kwamba wakili atamlazimisha adanganye.

Akikana, upande wa mashtaka unatakiwa kumpa mapema ushahidi unaotaka kuutumia: taarifa za mashahidi, rekodi za mauzo, taarifa ya akaunti ya M-Pesa ya duka. Kwa kesi ya mahesabu hili ni jambo kubwa. Huenda Sh86,400 ni tofauti kati ya daftari la mauzo na fedha zilizopelekwa benki, na hakuna aliyewahi kuondoa advansi za wafanyakazi wote. Haiwezekani kulijua hilo Ijumaa alasiri. Gharama ya njia hii ni muda na uchovu: tarehe zitaahirishwa, nauli itatoka mfukoni, ada ya wakili ipo, na jina litatajwa sokoni mara nyingi kabla kesi haijaisha.

Njia ya tatu ni makubaliano na upande wa mashtaka, ambayo Sheria ya Mwenendo wa Jinai inayaruhusu tangu marekebisho ya 2008, katika kifungu cha 137A na vinavyofuata. Hapa Bi. Zuhura angeweza, kupitia wakili, kukubali shtaka lililorekebishwa, kwa mfano la Sh5,000, na kurudisha fedha, ili mengine yaondolewe. Makubaliano huandikwa, mshtakiwa huelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi, na mlalamikaji naye hutia sahihi kama kuna fidia. Hakimu humhoji mshtakiwa mwenyewe kuhakikisha hajashurutishwa, na hafungwi na adhabu iliyopendekezwa. Akiyakataa makubaliano, yaliyosemwa humo hayatumiki dhidi ya mshtakiwa katika kesi itakayofuata. Makosa ya ngono hayaingii katika utaratibu huu, wizi unaingia.

Kikundi kimoja kilimwambia mteja aende mwenyewe kwa bosi wikendi "mkayamalize". Kwa utamaduni wetu ni ushauri wa kawaida, na kwa kesi hii ni hatari. Bosi ni shahidi. Mshtakiwa akimfuata nyumbani, hata kwa machozi, anaweza kushtakiwa kuwa anavuruga mashahidi, na dhamana yake kuyumba. Hata bosi akisamehe, kesi ya jinai imekwisha kuwa ya Jamhuri. Kuiondoa kunahitaji ridhaa ya mahakama. Mazungumzo yafanywe na wakili, kwa kupitia ofisi ya mashtaka.

Ile karatasi ya kituoni

Dakika ya 24, Bi. Zuhura alikumbuka kwamba usiku ule kituoni aliandikiwa karatasi akaitia sahihi. Hakusomewa. Mpelelezi ndiye aliyeiandika. Hapo alianza kulia, akidhani yameshaisha.

Kikundi cha pili hakikumwambia kwamba karatasi haina thamani. Kilimwambia kwamba ungamo kituoni halikubaliwi mahakamani mpaka limetolewa mbele ya hakimu, au mbele ya afisa wa cheo kinachotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi, na mtu wa tatu aliyemchagua yeye mwenyewe awepo. Hayo ni ya kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi. Wakamuuliza: nani alikuwepo chumbani? Ulimchagua mtu? Mlango ulikuwa wazi? Majibu yakaandikwa neno kwa neno. Uamuzi kuhusu karatasi hiyo ungoje mpaka waione.

Kuna jambo walilolisahau, nao ni kikundi bora: hawakumuuliza kama amewahi kutiwa hatiani zamani. Mteja wetu alikuwa safi, lakini hawakujua, na maelezo yao yote kuhusu probesheni yalisimama juu ya dhana hiyo. Mkaguzi mmoja aliwakata alama nyingi kuliko nilivyotaka, ila alikuwa na haki.

Mteja aliamua nini

Mwishoni Bi. Zuhura aliuliza wanachouliza wote: "Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?" Kijana alitaka kukwepa, akaanza kusema uamuzi ni wako. Ni kweli ni wake. Lakini mtu aliyekuja kutafuta ushauri akirudishiwa swali lake mikononi anahisi ametupwa. Binti aliingilia: "Ushauri wetu ni ukane Jumatatu, kwa sababu hatujaona ushahidi hata ukurasa mmoja, na kwa sababu ya ile namba yenye duara. Tukishauona, tutakaa tena. Huenda tukakushauri tuzungumze nao kuhusu hizo Sh5,000. Ukitaka kukubali hata baada ya haya yote, tutasimama nawe, ila tutakuomba uandike kwamba tulikueleza."

Bi. Zuhura akauliza kama akikana hakimu atamkasirikia na kufuta dhamana. Wakamwambia dhamana ni haki ya kikatiba isipokuwa kuwe na sababu nzito, kwamba kukana si sababu, na kwamba Jumatatu wataomba masharti yale yale yaendelee. Wakamtaka aje na kitambulisho, risiti ya Sh20,000, na barua ya chifu ikipatikana.

Kisha wakamwomba awaelezee wao, kwa maneno yake, Jumatatu itakuwaje. Alisema: "Wataita jina. Watanisomea. Nitasema si kweli. Sitamfuata bosi. Daftari liko rafu ya chini, upande wa mizani, jalada la kijani." Kijana akaandika mahali lilipo daftari, akaandika pembeni kwamba barua ya kulitaka lihifadhiwe ipelekwe kwa ofisi ya mashtaka Jumatatu hiyo hiyo kabla mpwa hajalifikia.